Hodi Isiyoitikiwa

Walimwita Bubu, na si kwamba Mungu alimnyima ulimi. Alikuwa nao, mzima kabisa, ila aliutumia kama watu wanavyotumia vyombo vya wageni: mara chache, kwa uangalifu, kisha vinarudishwa kabatini. Dada yake ndiye aliyempa jina hilo wakiwa wadogo, nalo likamganda mpaka nywele za kwanza za mvi zikamkuta nalo.

Dada mwenyewe alikuwa kinyume chake. Aliweza kumuuzia mwenye upara kitana na akashukuriwa. Duka la vitambaa waliloachiwa na mama yao lilisimama kwa mdomo wake. Mteja akiingia kutafuta kitambaa cha mto, Dada atamuuliza mtoto wake aliyekuwa na homa amepona vipi, atamsifia ngozi, atamkunjulia majora matatu juu ya meza, na huyo mtu atatoka na pazia za nyumba nzima huku akisema amepata nafuu ya bei. Bubu yeye alikata. Mkasi wake haukupinda hata unywele. Alijua kila jora lilipo na lina mita ngapi zilizobaki, na alipomaliza kukata alirudi nyuma ya pazia, kwenye chumba kidogo chenye dirisha moja, akashusha pumzi kama mtu aliyetoka kuzamia.

Mgawanyo huo ulidumu miaka kumi na tisa. Ukavunjika siku Dada alipopanda ngazi kushusha jora la juu, ngazi ikateleza, na mfupa wa muundi ukakatika mara mbili.

Daktari alimfunga plasta kuanzia kidoleni mpaka juu ya goti, akamwambia wiki nane, tena za kukaa kitako.

"Mdogo wangu," Dada alisema akiwa kitandani, ameshika mkono wa Bubu, "duka ni lako sasa. Najua hupendi. Lakini mtu akiingia, muulize tu habari za nyumbani. Atasema mwenyewe mpaka achoke. Wewe itikia."

"Nitaitikia," Bubu akasema.

Na kweli alijaribu. Siku ya kwanza aliitikia mpaka taya zikamuuma. Aliingia mama mmoja akitaka kitambaa cha bluu, "lakini si bluu hii, bluu kama ile ya mwaka juzi," akashusha majora sita, akasimulia ugomvi wake na wifi yake tangu mwanzo, akataka apunguziwe, akapunguziwa, akataka tena, halafu akasema atarudi na mumewe. Akaja bwana mmoja aliyeona kimya cha Bubu ni dharau, akauliza, "Mbona unanitazama kama nimekuja kuiba?" Bubu hakuwa anamtazama hivyo. Alikuwa anatafuta neno, na neno likaja bwana akiwa ameshafika barabarani.

Kwa siku tano alirudi nyumbani kichwa kinamwanga. Siku ya sita ndipo Dobi alipoingia.

Dobi alikuwa na duka lake mlango wa tatu kutoka kwao, la kufua na kupiga pasi nguo za heshima. Mtu mrefu, mkimya, mikono imesinyaa kwa mvuke. Alikuwa amebeba koti la suti la sufu, rangi ya kijivu, na uso wa mtu aliyefiwa.

"Unayo sufu ya kufanana na hii?" akauliza.

Bubu akaligeuza koti. Begani palikuwa na tundu la ukubwa wa ukucha, limeungua kwa cheche.

"Ni wewe umeliunguza?"

"Ni mwenyewe, kwa sigara. Lakini amekuja kusema ni mimi, na anavaa harusini Jumamosi. Nilidhani nitashonea kiraka kwa ndani."

"Kiraka kitaonekana." Bubu alikuwa ameshaligeuza koti ndani nje, amepata upindo wa chini, na kidole chake kilikuwa kinapima kitambaa cha ziada kilichofichwa mle. "Niachie. Njoo kesho kutwa."

Alishangaa kujisikia akisema. Dobi hakuuliza la pili, akaondoka. Na Bubu akatazama mlango, akatazama koti, akachukua kile kibao cha mbao chenye maneno TUNARUDI SASA HIVI, akakitundika kwenye kioo, akafunga.

Alijiambia ni kwa saa moja tu.

Kazi ile alifundishwa na mama yao, enzi ambazo watu hawakutupa nguo. Alikaa chini ya dirisha, akawasha taa ya meza, akavaa miwani yake ya kukuza. Kwanza alihesabu. Kila kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za urefu, ndizo mtande, na nyuzi zinazopita kati yake, ndizo mshindio. Sufu ile ilipita moja juu, mbili chini, na kila mstari ulisogea hatua moja kando ya mwenzake, ndiyo maana ukiitazama unaona michirizi ya mshazari. Akachomoa nyuzi kutoka upindo wa ndani, mmoja mmoja, kwa ncha ya sindano, akizilaza kwenye karatasi nyeupe. Akakata kingo zilizoungua. Kisha akaanza kurudisha mtande, akianzia mbali kidogo na tundu, kwenye kitambaa kizima, ili uzi mpya ushikane na wa zamani kabla ya kuvuka uwazi na kuingia upande wa pili. Ukivuta sana, kitambaa kinajikunja kama uso wa mlalamishi. Ukilegeza, kinavimba. Mtande ulipokwisha akageukia mshindio: moja juu, mbili chini, sogea. Moja juu, mbili chini, sogea.

Alipoinua kichwa, jua lilikuwa limehama upande mwingine wa barabara. Hakuwa amekula. Hakuwa na kichwa kinachouma. Moyoni alikuwa na amani ambayo hakuikumbuka tangu ngazi iteleze.

Nyumbani Dada alimuuliza, "Leo vipi? Nani kaja?"

"Hakuna," Bubu akasema. "Biashara imelala."

Lilikuwa neno jepesi. Lilitoka bila kumkwaruza.

Dobi alipolichukua koti alilipeleka kwenye mwanga, akalikunja, akalikunjua, akapitisha kidole begani mara tatu. "Lilikuwa wapi?" akauliza.

"Hapo hapo."

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu wajuane. "Nina nguo nne za namna hii zimekaa kwangu kwa sababu hakuna anayeweza. Mimi napokea kwa mwenye nguo, naandika tiketi, nafunga uzi mwekundu palipoharibika. Wewe huna haja ya kumwona mtu. Ukimaliza unaniletea, nami nazungumza naye."

Wewe huna haja ya kumwona mtu. Maneno hayo yalimkaa Bubu kama chakula cha moto siku ya baridi.

Basi kibao kikazoea kioo. Mwanzo alifungua asubuhi na kukitundika baada ya adhuhuri. Wiki ya pili alifungua kwa saa moja, kwa ajili ya dhamiri tu. Wiki ya tatu hata hiyo saa ikafa. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akakaa chini ya dirisha na gauni lililoliwa na nondo au suruali iliyochanwa na msumari, na watu waliogonga kwa mbele walichoka wakaenda. Mchana alikuwa na furaha. Ila jioni zilianza kumwelemea, kwa sababu Dada aliuliza kila siku, naye kila siku alijibu vilevile, na kila jibu lilimfanya Dada afikiri.

"Ni vile vitambaa vya maua," Dada alisema siku moja, akijikuna juu ya plasta kwa sindano ya kufumia. "Ulinikataza nisivinunue. Nikakaidi."

"Si hivyo, Dada."

"Ni hivyo. Zamani nilikuwa nikigusa kitambaa najua nani atakivaa. Sasa nimezeeka, jicho limekufa. Watu hawaji kwa sababu nimewajazia takataka." Akajaribu kucheka. "Kumbe walikuwa wananunua kwa kunionea haya tu, mdomo wangu ukiwa pale."

Bubu alikuwa amesimama na kikombe cha chai. Hapo ndipo pangefaa. Sentensi moja ingetosha: Dada, mlango nimeufunga mimi. Aliiona sentensi ile yote, neno kwa neno, kama nyuzi zilizolazwa kwenye karatasi. Akaweka kikombe, akasema, "Usijisumbue. Watarudi."

Wiki hiyohiyo Dada alimpigia simu mwenye ghala anayewauzia kwa jumla, akafuta oda ya msimu. Alisema kwa sauti ndogo, sauti ambayo Bubu hakuwahi kuisikia kinywani mwake. "Hapana, ndugu yangu, si bei. Ni mimi. Sina uhakika tena na ninachochagua."

Halafu ikaja ile Jumanne. Bubu alikuwa na sketi ya sufu yenye miraba midogo midogo ya rangi tatu, kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu ukikosea uzi mmoja rangi zote zinahama. Akasikia mlango wa mbele ukigongwa.

"Hodi! Hodi humu ndani!"

Aliijua sauti. Ni Mwalimu wa kwaya, aliyekuwa akinunua kwao kitambaa cha kwaya nzima kila mwaka tangu enzi za mama yao. Watu arobaini na wawili, rangi moja, majora matano kwa mkupuo. Alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa wa kuongea, Mungu wangu! Akiingia hatoki kabla hajakuimbia kila wimbo mpya, sauti zote nne.

"Kuna mtu? Naona taa inawaka huko nyuma!"

Bubu alikuwa ameshika uzi wa zambarau kati ya kidole na kidole. Akanyoosha mkono mwingine taratibu, akazima taa.

Halafu Mwalimu akagonga tena, safari hii polepole, kama mtu anayeanza kuona haya. Halafu nyayo zikaondoka. Bubu alikaa bila kuwasha taa kwa muda mrefu. Alipoiwasha, aliona rangi zote zimehama. Aliifumua kazi yote ya asubuhi.

Siku tatu baadaye alirudi nyumbani akamkuta Dada amekaa kwenye kiti cha sebuleni, mguu umeegemezwa kwenye stuli, mikono imetulia mapajani. Mezani kulikuwa na vikombe viwili vilivyokwisha kunywewa.

"Leo vipi?" Dada akauliza. "Nani kaja?"

"Hakuna."

"Na juzi?"

"Hakuna mtu, Dada. Nimekwambia, biashara—"

"Mwalimu wa kwaya alikuwa amekaa kwenye kiti hicho kilicho mbele yako." Dada hakupandisha sauti. "Amekuja kuniangalia. Ameomba radhi, yeye, mwenzangu. Amesema amekuja dukani mara tatu, ya mwisho ameona taa ikizimika, akadhani tumemkasirikia kwa jambo fulani. Amenunua kwingine kwa sababu tamasha limekaribia. Ameniuliza amekosa nini."

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini hawakusema mwisho wake kuna kiti na vikombe viwili. Bubu alitazama sakafu. Akaanza kueleza, na kama kawaida maneno yakaja nyuma mbele: sketi, koti, Dobi, tiketi, kichwa kinachouma, mama wa bluu ya mwaka juzi. Dada alimwacha amalize.

"Ungeniambia huwezi," akasema mwishowe. "Ningekuelewa. Nimekujua tangu ukiwa kitandani na vidole mdomoni. Duka lingefungwa wiki nane, basi, tungekula tulichonacho. Lakini umekaa hapo, unanitazama, nikisema jicho langu limekufa. Nimefuta oda. Nimelala hapa nikijihesabu kama mtu aliyekwisha. Na wewe unanipa chai."

"Nisamehe."

"Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," Dada alisema, "ila huu hukujidunga wewe. Umenidunga mimi."

Hawakuzungumza siku mbili. Kwa Bubu, aliyependa ukimya kuliko kitu chochote, ulikuwa ukimya wa kwanza uliomtesa.

Siku ya tatu alifanya jambo ambalo halikuwa lake. Alikwenda kwa Mwalimu wa kwaya kwa miguu, akasimama mlangoni, akabisha hodi. Mwalimu alifungua na madaftari ya wanafunzi mkononi.

"Ni mimi niliyezima taa," Bubu alisema kabla hajakaribishwa. "Hujatukosea kitu. Dada hakujua. Nilikusikia, nikaogopa kuongea."

Mwalimu akashusha madaftari. "Kuongea na mimi?"

"Na yeyote."

"Ungefungua ukasema, 'Mwalimu, leo usiimbe,' mimi ningeondoka na kitambaa changu," alisema, na hakuonekana kama anatania. Akamshukuru kwa kuja. Hakumwambia atarudi dukani, na Bubu hakuwa na uso wa kumwomba.

Alipofika nyumbani alimsimulia Dada yote, hata lile la usiimbe. Dada alicheka bila kutaka, akajizuia, kisha akasema, "Kaa."

Bubu akakaa.

"Dukani hutarudi. Binamu yetu yule mpiga domo anatafuta kazi, nitamkalisha pale nikimwelekeza kwa simu. Sasa wewe. Tutafute kazi isiyo na mdomo." Alikuwa ameanza kuchangamka, biashara ilikuwa ndani ya damu yake, hata biashara ya mtu aliyemkosea. "Kutengeneza saa?"

"Mwenye saa anasimama kichwani kwako akisubiri."

"Kweli. Kupamba keki?"

"Keki huja na mama wa bibi harusi."

"Utakufa. Kujalidi vitabu?"

"Ningependa," Bubu akasema. "Karatasi, gundi, uzi. Lakini nani ataleta? Ingebidi nizunguke maofisini nikiwaomba."

"Kusahihisha maandishi ya wachapishaji, kabla hayajapigwa chapa?"

"Hiyo naiweza pia. Ila wanataka vyeti, nami sina."

Dada akasema pole pole, "Basi ni hiyo ya Dobi. Wateja mia huwawezi, lakini mteja mmoja unamweza, naye ndiye atakayewabeba hao mia. Shida ni kwamba Dobi akifunga au akikuchoka, umekwisha. Unahitaji akina Dobi wanne au watano, na mafundi cherehani wawili. Mkubaliane bei mapema kwa ukubwa wa tundu na wembamba wa uzi, ili kusiwe na kuvutana kila nguo. Na uwaambie usiloliweza."

"Atilasi siiwezi. Nyuzi zake zinateleza, kovu linabaki. Na sweta ni kazi nyingine."

"Hayo andika. Mtu akijua kikomo chako anakuamini." Akasita kwenye neno hilo. Wote wawili walilisikia.

"Nani atakwenda kuwaambia?" Bubu akauliza, ingawa alikuwa ameshajua.

Plasta ilipokatwa, Dada alipewa magongo mawili na onyo asitembee mbali. Asubuhi ya tatu alivaa gauni lake zuri, akachukua kipande cha sufu ambacho Bubu alikitoboa makusudi na kukifuma upya, akasema anatoka. Bubu akamshika bega.

"Usiende. Nitaandika barua."

"Barua yako nani ataisoma? Sogea."

"Basi nakuja nawe."

Walizunguka mitaa minne. Kila penye ngazi Bubu alimshika kiuno, na alihisi jinsi mwili wa dada yake ulivyokakamaa kwa maumivu, na jinsi ulivyolegea mara tu mlango ulipofunguka na mtu wa kuongea naye akatokea. Dada aliweka kipande cha sufu mezani akasema, "Nitafutie tundu. Ukilipata, naondoka." Watu waliinama, wakakipeleka dirishani, wakakuna kwa ukucha. Dobi wa pili aliita mkewe, mke akaita fundi wa jirani. Hawakulipata. Dada akawaonyesha, akawaeleza mpango wa tiketi na uzi mwekundu, akawataja mabwana harusi waliokolewa, na alipoulizwa nani fundi mwenyewe, alinyoosha gongo moja kuelekea nyuma yake.

"Huyu mdogo wangu. Hauzi, hapigi soga, msimuulize habari za nyumbani. Nguo zenu zitarudi kwa siku mliyopatana."

Wakacheka. Bubu naye alitabasamu, maana ilitakiwa. Lakini kila duka sentensi ile iliporudiwa aliisikia kwa masikio mawili: kwa moja, dada yake akimkinga na ulimwengu kama alivyomkinga siku zote, kwa la pili, dada yake akikumbuka mlango ambao haukufunguliwa.

Walipata madobi watatu na fundi suti mmoja. Kazi ilianza wiki hiyo, na haikukauka. Chumba cha nyuma kikawa chake rasmi. Mbele, binamu alipiga domo mpaka barabarani, na wateja wakarudi kidogo kidogo. Vitambaa vya maua ndivyo vilivyokwisha kwanza. Kwaya haikurudi. Mwaka huo walivaa kijani cha duka lingine, na Bubu alipowaona wakipita kwa mstari, watu arobaini na wawili, alihesabu majora.

Dada hakulitaja tena jambo lile. Mguu wake ulibaki mfupi kidogo, na daktari alisema ni kwa sababu aliutembeza kabla ya wakati. Jioni bado anauliza, "Leo vipi?" na Bubu anamjibu kila kitu, hata asichoulizwa: nguo ngapi zimeingia, ipi imemshinda ameirudisha, uzi upi ameukosea akafumua. Huzungumza sasa kuliko alivyowahi kuzungumza maishani mwake. Dada humsikiliza mpaka mwisho. Halafu, siku nyingine, si zote, humgeukia binamu aliyeleta hesabu za siku na kumuuliza, kama kwa bahati, "Na kwa mbele huko, nani kaja?" na Bubu huinamia kikombe chake, akingoja jibu la mtu mwingine.